Mwalimu Cirimwami na Upande wa Mashine

Nimefanya kazi na walimu miaka mingi, na nasema bila haya kwamba wengi wao mngeweza kuwabadilisha kwa jogoo anayejua saa, watoto wasigundue. Cirimwami hakuwa wa aina hiyo. Ndiyo maana kumtoa kulikuwa rahisi. Mwalimu mvivu ana akili ya kujikinga. Mwenye kanuni hujitandikia mwenyewe kitanda cha miiba, kisha anauliza kama shuka limenyooka.

Mimi ni Caritas. Mwaka wa 1969 nilikuwa mpiga taipu wa shule moja ya sekondari ya binafsi hapa Bujumbura, upande wa Ngagara. Jina lake sitalitaja, maana shule yenyewe imeshakufa na marehemu hasemwi vibaya, ingawa huyu angestahili.

Cirimwami alikuja kwetu mwaka wa 1967, baada ya mamluki kuugeuza mji wa Bukavu kuwa uwanja wa vita. Alivuka mto Ruzizi na mkewe Nsimire, binti yao mdogo Mawazo, na sanduku moja la bati lililojaa vitabu. Nsimire aliniambia baadaye kwamba siku ile aliomba wabebe sufuria, mume akabeba kamusi. Mwezi mzima walipika kwenye kopo la maziwa. Hata hivyo alinisimulia akicheka, kwa hiyo nikajua anampenda.

Alipewa Kifaransa katika madarasa mawili ya chini, la kwanza na la pili: imla na matamshi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa maisha yake, kwa sababu iliyo wazi. Mkongomani aliyekimbilia mjini alikaa kwa kibali, na kibali cha Cirimwami kiliongezwa kila mwaka kwa barua ya shule. Barua hiyo niliipiga mimi. Bila kazi hakuna barua, bila barua hakuna kibali, na asiye na kibali alipandishwa lori kupelekwa kambini, mbali na mji, kwenye mahema na mahindi ya msaada. Hilo tulilijua sisi sote, kuanzia direkta, yaani mkuu wa shule, mpaka mpishi.

Jumamosi alasiri, wakati walimu wengine walipokuwa wanatafuta pombe ya ndizi, yeye alikuwa na klabu yake ya mdahalo kwenye bwalo la chakula. Aliianzisha bila kuombwa na mtu na bila kulipwa na mtu. Wasemaji watatu kila upande, mwenyekiti, na mshika saa mwenye kengele ya baiskeli. Pande hazikuchaguliwa, zilipigwa kura kwenye kofia, na ukishachomoa karatasi yako umechomoa. Mtoto aliyeomba kubadilishana alitolewa nje. Cirimwami alisema kwamba mtu anayetetea anachokiamini tu hajajifunza kufikiri, amejifunza kupiga kelele.

Kura za wasikilizaji zilipigwa kwa maharage, mekundu kwa wanaounga na meupe kwa wanaopinga, mara mbili: kabla ya mdahalo na baada yake. Mshindi hakuwa mwenye maharage mengi. Mshindi alikuwa upande uliovuta watu kutoka walikokuwa wamekaa. Baadaye maharage yalirudi jikoni na tukayala Jumapili, pande zote mbili kwenye sufuria moja.

Lakini jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kutunga mada. Mwaka ule alishikwa na mada za vyombo vipya darasani, kwa kuwa vilikuwa vinaingia kila siku na kila mtu alikuwa na la kusema. Alinifundisha hata nisipotaka, huku akisimama nyuma ya taipu yangu. Mada mbaya ni ile ambayo ukiisikia tu unajua jibu. "Redio ni kitu kizuri shuleni": nani atabisha? "Mashine zitaharibu elimu": nani atapima? Mada nzuri husema jambo moja, kwa darasa linalojulikana, na huomba kitu kibadilike, ili anayetaka mabadiliko abebe mzigo wa kuthibitisha. Halafu unaipima. Andika hoja tatu nzito za kuunga na tatu nzito za kupinga. Upande mmoja ukikwama kwenye mbili, geuza maneno ya mada au itupe.

Kwa mfano: kalamu ya biki iruhusiwe darasa la kwanza. Wa kuunga watasema haimwagi wino, haichani karatasi, na mtoto anaandika upesi. Wa kupinga watasema ni kalamu ya kuchovya inayofundisha mkono utulivu, kwamba biki huvuja kwenye joto letu, na mwandiko wa haraka ni mwandiko wa kuku. Au: kipindi kimoja cha jiografia kila wiki kiachiwe redio ya shule. Redio inaleta sauti ya mtu aliyeiona bahari, kwa watoto ambao mwalimu wao hajafika hata Gitega. Lakini redio haingoji, haiulizwi swali, na betri zikifa bahari imekauka. Au: wanafunzi wagawiwe muhtasari wa stensili badala ya kunakili ubaoni. Watapata nafasi ya kueleweshwa, ndiyo. Lakini mkono unaonakili ndio unaokumbuka. Katika hiyo ya mwisho mimi nilikuwa wa kupinga kabisa, kwa kuwa stensili zenyewe ningezichapa mimi.

Aprili ikaja magnetofoni. Shirika moja la Wazungu lilitoa zawadi: mashine ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, yenye magurudumu mawili ya mkanda, na mikanda sita ya masomo ya Kifaransa yaliyosomwa na bwana mmoja wa Ulaya mwenye sauti ya mafuta. Direkta wetu, Gélase, aliizunguka siku nzima kama bwana harusi. Gélase hakuwa mtu mkatili. Ningempenda zaidi kama angekuwa mkatili, kwa sababu mkatili anajulikana. Alikuwa mwoga mwenye tabasamu, na alikuwa na bajeti.

Wiki ile ile nilipiga barua yake kwa kamati ya wazazi. Ilisema shule haiwezi kubeba mwalimu wa tatu wa Kifaransa mwaka unaokuja na pia kununua mashine ya pili. Ilipendekeza kamati ichague. Na kwa kuwa baadhi ya wazazi walimpenda Cirimwami na wengine waliipenda mashine, Gélase alipata wazo ambalo lilimfurahisha mpaka akaniita nikae. Klabu ya mdahalo ijadili jambo hilo siku ya sherehe ya kufunga mwaka, mbele ya kamati. Wazazi wasikie, wapige kura ya maharage pamoja na watoto, na kamati ifuate. Kwa njia hiyo hakuna ambaye angeweza kusema kwamba Gélase alimfukuza mtu. Mada ataitunga Cirimwami mwenyewe, kama kawaida.

Nilimfuata Cirimwami kwenye bwalo nikamweleza yote, neno kwa neno, nikiwa na barua mkononi. Sikunong'ona. Alisikiliza akiwa anapanga maharage, akauliza swali moja tu: mdahalo utakuwa wa dakika ngapi.

Jioni ile nilimtungia mada mimi. Nilikuwa nimejifunza vya kutosha. Nikaipiga vizuri: "Mashine inaweza kuchukua nafasi ya mwalimu." Hakuna mzazi Bujumbura nzima ambaye angeunga jambo hilo, hata mwenye redio tatu. Nikampelekea asubuhi. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Hii si mada, Caritas. Hii ni mahubiri."

"Mwalimu, hii ni kibali yako. Ni bibi yako na mutoto."

"Ninajua. Lakini wa upande wa mashine watasema nini? Watoto watatu watasimama pale mbele ya wazazi wao, hawana hata hoja moja. Mi siwezi kufanyia mutoto vile."

Nilimwita mjinga. Nalisema hapa tena, alikuwa mjinga, na hasira hiyo haijaniisha. Akaenda akatunga ya kwake, akaipima siku tatu, na mwishowe akaniletea hii: "Katika madarasa mawili ya chini ya shule yetu, vipindi vya imla na matamshi ya Kifaransa vifundishwe kwa magnetofoni, chini ya msimamizi, badala ya mwalimu wa Kifaransa."

Ilikuwa mada bora kuliko zote alizowahi kutunga. Jambo moja, mahali pamoja, madarasa yanayojulikana. Haikuuliza kama mashine ni mtu. Iliuliza kama mashine inatosha kwa vipindi hivyo tu, na vipindi hivyo tu ndiyo ilikuwa kazi yake. Gélase alipoisoma alitabasamu, akasema mwalimu huyu ana heshima.

Kofia ikazungushwa. Upande wa kupinga akaongoza Jovithe, binti wa fundi cherehani, mwenye akili na sauti ndogo. Upande wa mashine ukamwangukia Mohamadi, kijana wa mtaa wa Buyenzi. Sasa Mohamadi alikuwa msemaji hodari wa klabu, na hodari huyo alitengenezwa na Cirimwami kwa mikono yake. Alipoifungua karatasi alisema hawezi. Alisema atasingizia ugonjwa. Cirimwami akamkumbusha kanuni ya kofia na kumwambia kwamba asiposimama yeye, upande ule utakuwa na watu wawili, na mdahalo wa watu watatu kwa wawili ni uonevu.

Kwenye mazoezi, upande wa mashine ulikuwa dhaifu. Mohamadi aliongea kama mtu anayetafuna mchanga. Jovithe na wenzake walikuwa na hoja zao tayari: umeme ukikatika somo limekufa, mashine haisikii nani amekosea wala haimsahihishi, haijui uso wa mtoto aliyepotea njia katikati ya sentensi, na ikiharibika fundi yuko Ulaya. Upande wa pili walikuwa na moja tu, kwamba mashine ni mpya. Kwa kanuni ya Cirimwami, mizani ikilala upande mmoja, mwenye klabu huusaidia upande mwepesi. Mwingine yeyote angejisahaulisha kanuni hiyo kwa wiki mbili. Yeye aliketi na Mohamadi kila siku baada ya masomo akamjazia kapu.

Mlango wa ofisi yangu ulitazamana na bwalo, kwa hiyo nilisikia. Alimpa hoja kwamba mkanda hauchoki: sentensi ya kumi inasomwa kwa nguvu ile ile ya kwanza. Kwamba mkanda hauna wapendwa. Mtoto wa waziri na mtoto wa mbeba mizigo wanasikia sauti moja. Kwamba unarudishwa nyuma mara ishirini bila kukasirika. Kwamba mwalimu huugua, na mwalimu huyu hasa aliugua malaria mwezi Machi akawaacha watoto wiki tatu bila imla. Na ya mwisho alimpa kwa utulivu, kama mtu anayempa mwingine chumvi: kwamba mwalimu alilelewa kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu, na Kifaransa chake kinasikika hivyo, na kwenye mtihani wa taifa watoto watasomewa na sauti nyingine.

"Ile sitaisema, Mwalimu," Mohamadi akasema.

"Ni kweli ao si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi utaisema. Na useme ukiangalia watu, apana chini."

Siku ya sherehe bwalo lilijaa. Kamati ilikaa mbele, na katikati yao mwenyekiti wao Herménégilde, karani mkubwa wa serikali, mwenye suti ya kijivu na jasho. Nsimire alikaa nyuma na Mawazo. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kwa kuwa mumewe alimwambia ni siku ya klabu. Alimwambia mada, ndiyo. Hakumwambia kamati itafuata kura. Hilo nililigundua nilipomwona anacheka na jirani yake.

Maharage ya kwanza yakatumbukizwa. Meupe yalijaza bakuli, mekundu yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Niliona bega la Cirimwami likishuka kidogo, na nikaanza kupumua.

Jovithe na wenzake walifanya vizuri. Alipoeleza kwamba umeme wetu wenyewe unatoka Mururu, kwenye maji ya Ruzizi, na kwamba mvua ikinyesha kule taa huzimika huku, wazee wakaguna kwa kukubali. Alipouliza ni nani atakayemwona mtoto wa nyuma asiyefika mwisho wa sentensi, mama mmoja akapiga makofi kabla ya wakati. Ilikuwa imebaki zamu ya mwisho ya Mohamadi.

Akasema hoja zake, zote, akiwaangalia watu. Lile la malaria. Lile la Kishi. Nsimire akaacha kucheka. Halafu Mohamadi akaweka mkono kwenye magnetofoni iliyokuwa mezani, akamwambia mwenyekiti wa mdahalo kwamba upande wake una kielelezo. Alisema amekabidhiwa mkanda na Bwana Direkta asubuhi ile. Uso wake ulikuwa wa majivu.

Lazima nieleze. Gélase alikuwa ameiweka mashine nyuma ya mlango wa darasa la kwanza siku moja ya Mei, bila kumwambia mtu, akanasa kipindi cha imla. Magnetofoni hunasa pia, haisomi tu. Mimi sikujua, na ningejua ningeumwagia chai mkanda ule.

Kanuni ya klabu ilisema kielelezo kipya hakionyeshwi bila idhini ya mwenye klabu. Mwenyekiti wa mdahalo, kijana wa darasa la juu, akamgeukia Cirimwami na kumuuliza. Bwalo zima likamgeukia. Neno moja lilitosha, na lilikuwa haki yake. Angesema apana, mdahalo ungeendelea, maharage meupe yangebaki meupe, naye angelala nyumbani kwake miaka mingine.

Cirimwami akasimama. Akamuuliza Mohamadi ni nini kilichomo.

"Ni sauti yako, Mwalimu. Mu kipindi."

"Haijakatwakatwa?"

"Apana. Nimesikia yote."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na sijawahi kumchukia mtu niliyempenda kama dakika ile.

"Kama ni sauti yangu na ni kweli, iko hoja," akasema. "Iruhusiwe."

Magurudumu yakazunguka. Ikatoka sauti kama ya mgonjwa, inakwaruza, inakohoa, inasoma sentensi, inairudia, inapoteza mahali ilipofikia. Halafu ikamfokea mtoto, ikamwita punda, ikakohoa tena. Watoto wa darasa la kwanza wakaanza kucheka kwa sababu walikuwapo. Wakubwa wakafuata. Kisha Mohamadi akabadilisha mkanda, na yule bwana wa Ulaya akasoma sentensi moja kwa sauti yake ya mafuta. Mohamadi akaketi kabla dakika zake hazijaisha. Herménégilde alifuta macho kwa leso, hakuwa analia. Mawazo alicheka pia, mtoto wa miaka sita, akamwambia mama yake kwa nguvu kwamba yule ni baba.

Maharage ya pili sitayaeleza. Bakuli la mekundu lilifurika, na Cirimwami mwenyewe, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake, alisimama akatangaza mshindi. Alitamka vizuri.

Mohamadi alikwenda nyumbani kwake siku iliyofuata kuomba msamaha. Nilikuwapo, nilikuwa nimewapelekea mchele. Mtoto alipiga magoti mlangoni akilia. Cirimwami alimwinua, akamkalisha, akamweleza kwamba alikosea kitu kimoja: baada ya ule mkanda wa pili alikuwa na dakika nzima aliyoiacha bure, na msemaji haachi dakika. Nsimire akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Aliniuliza kama wanaume wote waliosoma wako hivi, nikamwambia apana, ni huyu tu, na ni bahati yake mbaya.

Kamati ilifuata kura, kama ilivyopangwa. Lakini sikilizeni yaliyofuata, maana hadi hapo mngesema ni mchezo uliochezwa kwa haki na mtu akashindwa.

Mikanda sita ya Ulaya haikufaa. Gélase aliijaribu na darasa la kwanza katika wiki moja iliyobaki kabla ya likizo na watoto wakabaki mdomo wazi. Yule bwana alisoma mbio, habari za theluji na treni, bila kuacha nafasi ya kuandika, wala hakufuata kitabu chetu. Imla inasomwa yote kwanza, kisha kipande kwa kipande, kila kipande mara mbili na kimya katikati, kisha yote tena. Mikanda ile haikujua kimya. Kwa hiyo Gélase alimwita Cirimwami ofisini, akamkaribisha kiti, akamwomba kabla hajaondoka anase imla zote za mwaka kwa madarasa mawili. Niliyasikia kwa masikio yangu. Alimwambia kwamba lile jambo la barua ya kibali ataliangalia.

Nilimngojea kwenye ngazi. Nikamkumbusha kwamba sauti yake ndiyo iliyochekwa na mji mzima. Akasema anajua, lakini watoto wataandika nini mwezi wa tisa? Na barua ameahidiwa. Mkono mtupu haulambwi, nikamwambia, na ahadi ya Gélase ni mkono mtupu. Hakusikia.

Alinasa siku nyingi, peke yake kwenye bwalo, madirisha yamefungwa kuzuia kelele, joto kama ndani ya chungu. Alikunywa maji ya moto yenye asali ili asikohoe. Alipokohoa alirudisha mkanda akaanza tena. Na kile kimya cha katikati hakukipima kwa saa. Aliniambia kwamba katika kila darasa kuna watoto watatu au wanne wenye mkono mzito, na yeye aliandika kila kipande kwa mkono wa kushoto, polepole, kisha ndipo akaendelea kusoma. Walimu wawili waliobaki walipita dirishani wakitikisa vichwa.

Mwezi wa tisa shule ikafunguliwa. Msimamizi alibonyeza kitufe, na Cirimwami akafundisha darasa la kwanza na la pili, siku tatu kwa wiki, bila mshahara. Mwenyewe alikuwa anabeba magunia ya muhogo sokoni pamoja na mkewe. Kila nilipomkumbusha Gélase barua alisema kesho. Nilipiga barua mwenyewe nikaiweka mezani kwake mara tatu, na mara tatu niliikuta chini ya majivu ya sigara.

Oktoba kibali kikaisha. Nsimire akaja ofisini akiwa na vumbi la unga mikononi, kwa kuwa mume aliona aibu kuomba mara ya nne. Gélase alikuwa amesimama mezani kwangu, hakuwa na pa kukimbilia. Akamweleza kwa upole kwamba shule haiwezi kuandika kwamba inamwajiri mtu ambaye haimwajiri, huo ungekuwa uongo kwa serikali.

Ng'ambo ya uwanja dirisha la darasa la kwanza lilikuwa wazi. Ilikuwa saa ya imla.

Nsimire akageukia dirisha akasikiliza. Mwanamke huyo hakuwahi kusimama kwenye mdahalo wowote.

"Ule nani anafundisha pale?" akauliza.

Gélase akasema ni mashine.

"Mi ninajua sauti ya bwana yangu. Munasema hamumuajiri, na anafanya kazi yenu sasa hivi, ninamusikia. Andika ile tu, Direkta. Andika kama sauti yake iko kazini."

Nilimtazama Gélase. Nilitaka akwame, nilitaka ameze ulimi wake mbele yangu. Akatabasamu.

"Sauti haiombake kibali, mama," akasema. "Haikulake, haigonjwake. Ndiyo maana tuliichagua."

Kisha akaniambia nifunge dirisha la ofisi, mama anasumbuliwa na kelele. Nikamwambia alifunge mwenyewe. Alilifunga.

Lori liliwachukua Jumatatu asubuhi kutoka Ngagara. Cirimwami alipanda na sanduku lake la bati, na safari hii Nsimire alibeba sufuria. Mawazo alikaa juu ya vitabu. Darasa la kwanza walikuwa na imla siku hiyo, na niliyeandika alama zao alasiri ni mimi. Zilikuwa nzuri. Hata wale wenye mkono mzito walifika mwisho wa sentensi.